Maharage Yaleyale, Majiko Mawili: Ulinganisho wa Haki Unavyoandikwa

Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa familia inayotaka kuachana na mkaa, lengo hilo la taifa hugeuka kuwa swali la dukani: ninunue jiko la gesi, au presha kuka ya umeme? Mtu anayeuliza hivyo hutafuta makala ya kumsaidia, na mara nyingi anachokipata ni jedwali la sifa. Lita sita upande huu, pleti mbili upande ule. Wati 1,000 hapa, mtungi wa kilo sita pale. Mwisho wa makala husomeka kwamba kila bidhaa ina faida na hasara zake, na uamuzi ni wa mnunuzi mwenyewe.

Mnunuzi alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba uamuzi ni wake. Alichokosa ni kitu cha kuamulia.

Wapo pia waandishi wanaokwenda upande wa pili kabisa na kumtangaza mshindi. Hao husaidia zaidi kidogo, lakini mshindi wao huwa mshindi wa nyumba moja tu: nyumba yenye bei ile ya umeme, inayopika vyakula vile, mara zile kwa wiki. Familia ya mtaa wa pili inaweza kufuata ushauri huohuo ikapata hasara. Ulinganisho wa haki hufanya kazi iliyo ngumu kuliko zote mbili. Hutafuta mahali ambapo jibu linageuka, kisha humwonyesha kila msomaji yeye yuko upande gani wa mahali hapo. Gesi na presha kuka ni mfano mzuri wa kuonyesha kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu jibu lake hugeuka zaidi ya mara moja.

Kosa la kwanza hutokea kabla jiko halijawashwa. Mwandishi huchukua maharage, nusu yake huyachemsha kwenye sufuria ya kawaida juu ya gesi, na nusu ya pili huyaweka kwenye presha kuka ya umeme. Anagundua kwamba ya umeme yameiva upesi na kwa gharama ndogo mno, anaandika kwamba umeme ni nafuu kuliko gesi. Hapo amebadilisha vitu viwili kwa pamoja. Amebadilisha nishati, na amebadilisha chombo. Sehemu kubwa ya unafuu aliouona imetoka kwenye presha, wala si kwenye umeme.

Sababu yake inaeleweka kirahisi. Maji kwenye sufuria ya kawaida hayapiti nyuzi 100, hata moto uwe mkali namna gani. Moto ukizidi, yanachofanya ni kugeuka mvuke haraka zaidi. Ndani ya chombo kilichofungwa kwa presha, mvuke hubanwa na maji hufika takribani nyuzi 115 hadi 120. Maharage yaliyohitaji saa mbili na zaidi huiva ndani ya saa moja au pungufu. Presha hiyo haibagui, na sufuria ya presha iliyowekwa juu ya jiko la gesi huileta vilevile. Kwa hiyo mwandishi mwenye haki huweka mezani mapambano mawili. La kwanza ni presha kuka ya umeme dhidi ya gesi yenye sufuria ya kawaida, kwa kuwa ndivyo nyumba nyingi zinavyopika. La pili ni presha kuka ya umeme dhidi ya gesi yenye sufuria ya presha, kwa kuwa hapo ndipo gesi inapokuwa na nguvu yake yote. Kulinganisha bidhaa na mpinzani aliye dhaifu kuliko anavyoweza kuwa ni kumdanganya msomaji, hata kama kila namba iliyoandikwa ni ya kweli.

Haki hiyo inadai pia kwamba kila jiko litumiwe kama anavyolitumia mpishi anayelijua. Kwenye gesi, mpishi mzoefu hufunika sufuria, na maji yakishachemka hupunguza moto hadi yawe yanatokota taratibu. Anayejaribu kwa moto mkubwa muda wote, tena bila mfuniko, atachoma gesi nyingi zaidi na maharage hayataiva mapema kwa sababu hiyo.

Linalofuata ni kuamua jaribio lenyewe. Wataalamu wa majiko wamelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na uzoefu wao unamfaa mwandishi yeyote. Tangu miaka ya 1980 kuna jaribio la kuchemsha maji, ambapo jiko hupimwa kwa kuchemsha kiasi kilekile cha maji na kuyaacha yatokote kwa muda uliowekwa. Ni jaribio rahisi kurudia, na maabara moja inaweza kulinganisha majibu yake na ya nyingine. Tatizo ni kwamba hakuna familia inayokula maji. Jiko lililong'ara maabara mara nyingi limekutwa halifanyi hivyo majumbani, kwa sababu watu hukaanga, husonga, hupasha kiporo na huondoka jikoni kumhudumia mtoto. Ndipo yakaja majaribio mengine mawili: moja la kupika chakula halisi cha mahali husika kwa utaratibu mmoja, na la pili la kupima nishati inayotumika ndani ya nyumba za watu kwa siku kadhaa bila kuwaingilia mapishi yao.

Kwa makala ya gazeti, jaribio la katikati ndilo linalofaa: kupika chakula halisi kwa utaratibu mmoja. Na maharage, ambayo yanaonekana chakula chepesi cha kujaribia, yana mitego yake.

Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu na huchelewa kuiva. Ukinunua kilo moja leo na nyingine wiki ijayo, huenda unalinganisha maharage wakati unadhani unalinganisha majiko. Njia salama ni kununua mfuko mmoja unaotosha majaribio yote, kuyachambua, kuyachanganya vizuri, kisha kuyapima kwa mizani katika mafungu ya nusu kilo. Kama fungu moja limelowekwa usiku kucha, yote yalowekwe. Kama moja limetiwa magadi, yote yatiwe. Halafu kunabaki swali la kuiva: nani anasema yameiva? Ulimi wa mwandishi hautoshi, hasa kama anajua ni sufuria ipi anaionja. Kanuni inayofanya kazi ni kuchukua punje 20 kutoka sehemu mbalimbali za sufuria na kuziminya kwa vidole viwili. Punje 18 zikipondeka bila kiini kigumu, yameiva. Ni vyema mwenye kuminya awe mtu asiyejua punje zimetoka wapi.

Hapa presha kuka inaleta usumbufu wake. Sufuria ya kawaida unaweza kuifunua kila baada ya dakika kumi ukaonja. Chombo cha presha hakifunguliwi katikati. Lazima presha ishuke kwanza, na ukishakifungua umeharibu kipimo. Kwa hiyo mwandishi hulazimika kupika fungu moja kwa dakika 30 za presha, jingine kwa 35, jingine kwa 40, hadi apate muda mfupi kuliko yote unaoivisha. Ni kazi ya kuchosha, na wengi huikwepa kwa kutumia kitufe chenye picha ya maharage. Lakini kitufe hicho kimewekewa muda na kiwanda, wala hakijui maharage ya Mbeya yana ugumu gani. Anayekitegemea anaweza kuiadhibu presha kuka kwa dakika 20 za ziada zisizohitajika, au kuandika kwamba haiivishi.

Mbeya yenyewe ni sehemu ya hesabu. Mji huo uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Nyuzi sita zinaonekana kidogo, lakini kwa maharage yanayotokota kwenye sufuria ya kawaida maana yake ni muda mrefu zaidi jikoni na gesi zaidi. Chombo cha presha huathirika kwa kiasi kidogo. Ina maana jaribio lililofanywa Dar es Salaam, pwani kabisa, litaonyesha pengo dogo kuliko lile atakaloliona mpishi wa Mbeya au Njombe. Mwandishi halazimiki kusafiri nchi nzima. Anachodaiwa ni kuandika jaribio limefanyika wapi, na kuwaambia wasomaji wa nyanda za juu kwamba kwao faida ya presha ni kubwa zaidi ya iliyoandikwa.

Kupima nishati ndiko kunakoogopwa, lakini hakuhitaji maabara. Kwa umeme, ipo mita ndogo inayochomekwa kati ya soketi na kifaa, ambayo huonyesha uniti zilizotumika. Asiyekuwa nayo anaweza kuzima kila kitu nyumbani, friji na taa zikiwemo, akabakiza presha kuka peke yake na kuhesabu mimweko ya taa ndogo iliyo kwenye mita ya umeme. Usoni pa mita huandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, kwa mfano 1600 imp/kWh. Mimweko 720 kwenye mita ya namna hiyo ni uniti 0.45.

Kwa gesi, kinachopimwa ni uzito wa mtungi kabla na baada. Mizani ya kupimia uzito wa mwili haifai, kwa kuwa nyingi husoma kwa hatua za gramu 100, na chungu cha wali kinaweza kutumia gesi pungufu ya hapo. Inatakiwa mizani ya kidijitali inayobeba kilo 15 au zaidi na kusoma kwa hatua za gramu 10 au chini yake, kama zile za maduka ya nafaka. Hata kwa mizani hiyo, kosa la gramu 10 kwenye kipimo cha gramu 60 ni sehemu moja ya sita, ambayo ni kubwa. Dawa yake ni kupika chakula hichohicho mara tano mfululizo, kupima mtungi mwanzo na mwisho, kisha kugawa kwa tano. Kurudia huko kunasaidia jambo jingine pia: kunaonyesha kama majibu yanayumba. Jiko likitumia gramu 150 leo na 210 kesho kwa pishi lilelile, msomaji anatakiwa kuambiwa hivyo, asifichwe nyuma ya wastani mmoja uliopangwa vizuri.

Tuchukue sasa hesabu moja hadi mwisho. Namba zinazofuata ni za mfano, zimewekwa karibu na zinazokutwa jikoni, ili njia ionekane. Mwandishi ataweka vipimo vyake mwenyewe na bei za sokoni kwake. Nusu kilo ya maharage yasiyolowekwa imetumia gramu 180 za gesi kwenye sufuria ya kawaida, gramu 60 kwenye sufuria ya presha juu ya gesi, na uniti 0.45 kwenye presha kuka ya umeme. Wali wa familia umetumia gramu 60 za gesi au uniti 0.22. Kujaza mtungi wa kilo sita ni shilingi 24,000, yaani shilingi 4,000 kwa kilo. Umeme wa kundi la T1 umekuwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na vikijumlishwa hufika takribani 356.

Familia hii hupika maharage mara 13 kwa mwezi na wali mara 20. Kwa gesi na sufuria ya kawaida, kila pishi la maharage ni shilingi 720 na la wali ni 240, jumla shilingi 14,160 kwa mwezi. Kwa presha kuka ya umeme, zinatumika uniti kama kumi na robo, ambazo ni takribani shilingi 3,650. Inaokoa shilingi 10,500 kila mwezi. Kama presha kuka imenunuliwa kwa shilingi 150,000, fedha hiyo inarudi baada ya miezi 14 hivi.

Hapo wengi wangefunga hesabu. Lakini mpinzani wa pili bado hajaingia. Sufuria ya presha ya kuweka juu ya gesi, tuseme ya shilingi 70,000, inashusha maharage hadi shilingi 240 kwa pishi. Ukilinganisha na hiyo, presha kuka ya umeme inaokoa shilingi 80 tu kwenye maharage na kama 160 kwenye wali, jumla shilingi 4,300 hivi kwa mwezi. Tofauti ya bei ya vyombo viwili ni shilingi 80,000, na itarudi baada ya karibu miezi 19. Bado umeme uko mbele, lakini sasa msomaji ambaye tayari ana jiko la gesi na hana fedha nyingi ameonyeshwa njia ya tatu ambayo jedwali la sifa lisingemwonyesha kamwe: abaki na gesi yake, abadilishe sufuria.

Kisha inakuja bei ya umeme, na hapa ndipo jibu linapogeuka kabisa.

Wateja wa majumbani wanaotumia umeme kidogo Tanzania huwekwa kwenye kundi la D1. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi zimekuwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, ambazo hufika kama 122. Uniti inayozidi 75 huuzwa shilingi 350, au kama 427 baada ya makato. Mteja anayezidi 75 mara kwa mara huhamishiwa T1, ambako hakuna uniti za bei nafuu. Zote ni takribani 356, kuanzia ya kwanza.

Nyumba ya D1 inayotumia uniti 50 kwa mwezi ikiongeza presha kuka itafika 60. Uniti kumi za nyongeza ni kama shilingi 1,250, huku gesi ya shilingi 14,160 ikiokolewa. Kwa nyumba hiyo swali limekwisha, na hakuna sufuria ya gesi itakayoshindana. Sasa tazama jirani yao, naye ni D1, ila ana friji na anatumia uniti 70. Akiongeza kumi anafika 80. Mwezi wa kwanza ataona nyongeza ya shilingi 2,700 hivi na kufurahi. Akiendelea hivyo na kuhamishiwa T1, uniti 80 zitamgharimu takribani shilingi 28,480, wakati zamani zile 70 alizilipia 8,540. Ongezeko ni karibu shilingi 20,000 kwa mwezi. Gesi aliyookoa ni 14,160. Chombo kilekile, kwa maharage yaleyale, kinampa jirani mmoja faida ya karibu shilingi 13,000 na kumtia mwingine hasara ya zaidi ya shilingi 5,000 kila mwezi.

Hilo ndilo jambo ambalo makala nzima ilipaswa kulitafuta. Halionekani kwenye boksi la bidhaa, wala halionekani kwa mwandishi aliyechukua bei moja ya umeme na kuifanya ya kila mtu. Linaonekana tu pale anapojiuliza, kwa kila namba aliyoitumia, ikibadilika kidogo jibu linabaki palepale? Bei ya gesi ikipanda kwa shilingi 2,000 kwa mtungi, jibu halitikisiki sana. Maharage yakipikwa mara sita kwa mwezi badala ya 13, miezi ya kurudisha fedha inaongezeka sana. Kundi la umeme likibadilika, jibu linapinduka. Namba zisizotikisa jibu zinaweza kupewa mstari mmoja. Ile inayolipindua inastahili aya zake, na inastahili kuwa karibu na mwanzo wa makala.

Yapo yasiyoingia kwenye shilingi, na kuyapa alama ni kosa linalofanywa kwa nia njema. Mwandishi anaandika usalama 8, urahisi 7, uimara 6, anajumlisha, bidhaa moja inapata 41 na nyingine 39. Jumla hiyo imechukulia kwamba kila nyumba inathamini vitu hivyo kwa uzito uleule. Isitoshe, imeficha yale yasiyovumilika. Presha kuka haisongi ugali. Sufuria yake ni ya kina kirefu, imepakwa utando wa kuzuia kushika, na huzunguka ndani ya chombo ukianza kusonga kwa mwiko. Chapati haziwezekani. Kwa nyumba inayokula ugali kila jioni, hiyo haiwi alama moja pungufu kwenye jumla. Ina maana kwamba presha kuka haiwezi kuwa jiko pekee la nyumba hiyo, na gharama ya jiko la pili iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Gesi nayo ina lake. Mwenye mtungi mmoja utamwishia usiku wakati duka limefungwa, na hana pa kupikia. Umeme ukikatika wakati presha imeshapanda, chombo hubaki na joto kwa muda na chakula huendelea kuiva kidogo, lakini ukikatika kabla ya hapo, mpishi anasubiri. Mambo kama haya huandikwa kwa sentensi kamili, yakieleza hutokea lini na humpata nani.

Vipuri ni mfano mwingine. Mpira wa mfuniko wa presha kuka hulegea au kupasuka kadiri muda unavyopita, na bila huo presha haipandi. Dalili yake ni mvuke kutoka pembeni mwa mfuniko na chakula kuchukua muda mrefu kuliko ilivyozoeleka. Mwandishi hahitaji kutabiri utapasuka lini. Anachoweza kufanya ni kwenda Kariakoo, au soko kubwa la mji wake, akaulize kama mpira wa modeli hiyo unauzwa na kwa bei gani. Modeli isiyo na mpira sokoni ni bidhaa tofauti kabisa na ile yenye mpira wa bei ndogo kwenye kila duka la tatu, hata kama kwenye karatasi zinafanana.

Swali la bidhaa ilikotoka nalo ni zito. Mashirika yaliyojenga kazi hii yalilijibu mapema. Consumer Reports ya Marekani, iliyoanzishwa 1936 kwa jina la Consumers Union na yenye jarida la jina hilo lake la sasa, hununua dukani bidhaa inazozipima na haipokei matangazo ya biashara. Uingereza, jarida la Which? lilianza 1957, nalo kwa njia hiyohiyo ya kujitegemea. Sababu si kwamba mwandishi aliyepewa bidhaa lazima adanganye. Ni kwamba kampuni inayotoa bidhaa huweza kuchagua ile iliyo nzima kuliko wenzake, wakati mnunuzi wa dukani huchukua yoyote aliyopewa na muuzaji. Gazeti lisilo na fedha za kununua linaweza kuazima bidhaa kwa mtu aliyekwisha kuinunua. Kama imetoka kwa kampuni, hilo liandikwe juu kabisa ya makala na si kwenye mstari mdogo wa mwisho.

Hata hivyo kujitegemea peke yake hakutoshi, na funzo la wazi kabisa limetoka kwa Consumer Reports wenyewe. Mapema mwaka 2007 walitangaza matokeo ya majaribio ya viti vya watoto wachanga vya kwenye gari: kati ya viti 12, viwili tu ndivyo vilivyofaulu. Wazazi walishtuka. Jaribio la kugongwa ubavuni lilisemwa kuwa limefanywa kwa mwendo wa maili 38 kwa saa, kama kilomita 61. Wataalamu wa usalama barabarani wa serikali walipolichunguza waliona kwamba nguvu iliyotumika ililingana na ajali ya zaidi ya maili 70 kwa saa, yaani kilomita 113 hivi. Jarida liliiondoa ripoti ndani ya wiki chache. Hakuna aliyehongwa, na hakuna tangazo lililokuwa limeingia. Masharti ya jaribio ndiyo hayakuwa yale yaliyoandikwa. Na kosa liligundulika kwa sababu moja: masharti yalikuwa yameandikwa, kwa hiyo mtu mwingine aliweza kuyakagua.

Ndiyo maana makala ya maharage inahitaji aya moja isiyo na mvuto wowote: maharage yalinunuliwa lini na wapi, gramu ngapi, maji kiasi gani, yalilowekwa au la, mji gani, mizani ya hatua gani, majaribio mangapi, bei za tarehe ipi. Wasomaji wengi watairuka. Fundi wa majiko, mwalimu wa fizikia au mwenye kampuni aliyekasirika hatairuka. Ni vyema pia aya hiyo itumwe kwa pande zote mbili kabla ya kuchapishwa, vipimo pekee bila hukumu, ili atakayesema sufuria ilitumiwa vibaya aseme mapema, wakati bado kuna maharage ya kurudia.

Baada ya yote hayo, hitimisho linaweza kuwa fupi na bado likamfaa kila mtu. Lingesomeka hivi: "Chukua risiti zako za LUKU za miezi mitatu, ujumlishe uniti, ugawe kwa tatu. Kama uko D1 na wastani wako hauzidi 60, nunua presha kuka ya umeme, ubakize gesi kwa ugali na chapati. Kama uko D1 na wastani wako ni kati ya 65 na 75, usinunue kwa sasa. Nunua sufuria ya presha ya kuweka juu ya gesi. Ukiwa katikati ya 60 na 65, hesabu kwanza unapika maharage mara ngapi. Kama uko T1 na unapika maharage mara tatu kwa wiki, presha kuka itarudisha fedha yake ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi. Kama huyapiki zaidi ya mara moja, unafuu wake ni mdogo, na sababu ya kuinunua iwe ni muda unaouokoa. Bei tulizotumia ni za mwezi huu. Bei ya uniti au mipaka ya makundi ya umeme ikibadilishwa, usifuate ushauri huu kabla hujarudia hesabu."